Neno Moja, Maana Mbili: Jinsi Tulivyorekebisha Mkataba wa Shamba la Miche Kibiti

Katika toleo hili tunapenda kuwashirikisha jambo lililotokea katika mradi wetu wa miche katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kibiti. Kosa lilikuwa letu wenyewe, maana rasimu ya mkataba iliandikwa ofisini kwetu. Tunalieleza kwa sababu kamati nyingi za sharika zinasaini mikataba ya aina hii na vijiji na wafadhili, na kosa hili halionekani kwa urahisi.

Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, wenye kurasa 31 na vifungu 26. Kijiji kilitoa ekari 42 kwa ajili ya kitalu na shamba la mfano la mikorosho na miti ya mbao. Sisi tulileta miche, mafunzo na kisima. Kifungu cha 1, chenye tafsiri ya maneno, kilisema hivi: "Eneo la Mradi maana yake ni kipande cha ardhi chenye ekari 42 kilichooneshwa kwenye ramani ya Kiambatisho A." Hapo hapakuwa na utata wowote.

Shida ilianza kuonekana katika mwaka wa tatu. Mfugaji mmoja alichunga ng'ombe wake karibu na nyumbani kwake, mbali na shamba letu. Kamati ya mradi ikamtaka alipe faini kwa mujibu wa kifungu cha 14, kinachokataza mtu kulima, kukata miti au kuchunga mifugo "ndani ya Eneo la Mradi" bila idhini ya maandishi. Kamati haikuwa na nia mbaya. Ilikuwa imesoma kifungu cha 9, kinachosema mradi utatoa mafunzo na miche "kwa kaya zote zilizomo ndani ya Eneo la Mradi." Ndani ya zile ekari 42 hakuna hata nyumba moja. Kwa hiyo wajumbe walielewa kwamba Eneo la Mradi ni vitongoji vitatu vinavyohudumiwa, na mfugaji yule anaishi katika kimojawapo.

Habari ilipofika kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja alisimama akauliza, "Mwenyekiti, shamba langu la mpunga liko ndani au liko nje?" Swali lake lilikuwa zito kuliko faini. Kifungu cha 22 kilisema mkataba ukiisha, Eneo la Mradi "litarudi mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji pamoja na vyote vilivyomo." Kama Eneo la Mradi ni vitongoji vitatu, basi mashamba na nyumba za watu nazo zimeandikwa kama kitu cha kurudishwa. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini ndivyo karatasi ilivyoweza kusomwa.

Kosa liliingiaje?

Tulipofuatilia rasimu za zamani tulipata jibu. Rasimu ya kwanza ilihusu shamba peke yake, na neno lilikuwa na maana moja. Baadaye mfadhili aliomba mkataba uoneshe pia kaya zitakazonufaika. Tukachukua vifungu vya 9 hadi 12 kutoka mkataba wa mradi mwingine, ambako "Eneo la Mradi" lilikuwa na maana ya vitongoji, tukaviingiza bila kugusa kifungu cha tafsiri. Neno lilifanana, kwa hiyo jicho halikushtuka. Mikataba mirefu huharibika hivi mara nyingi, kwa sababu huandikwa na mikono mingi kwa nyakati tofauti.

Hata sheria za nchi zimewahi kuingia katika mtego wa namna hii. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5. Zote mbili zilitafsiri maneno "ardhi ya jumla." Sheria ya Vijiji ilisema ni ardhi ya umma ambayo si ya hifadhi wala si ya kijiji. Sheria ya Ardhi ilisema hivyo hivyo, kisha ikaongeza kwamba inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kwa nyongeza hiyo fupi, pori la akiba la kijiji linaweza kusomwa kuwa ni la kijiji katika sheria moja, na kuwa ardhi ya jumla katika nyingine. Hapa Rufiji na Kibiti mashamba hupumzishwa, na sehemu za bondeni hulimwa kwa kufuata maji ya mto, kwa hiyo tofauti hiyo si ya wanasheria peke yao.

Hatua tulizofuata

Hatua ya kwanza ilikuwa kuorodhesha kila mahali neno lilipotumika. Tulitafuta "Eneo la Mradi" katika kompyuta, tukapata mara 37 pamoja na viambatisho. Kila mahali tuliandika namba ya kifungu, sentensi nzima, na maana inayoonekana kukusudiwa.

Hapo tukagundua kwamba kompyuta haitoshi. Kiswahili kinaweza kulibeba neno bila kulitaja. Kifungu cha 16 kilisema, "Litakaguliwa kila robo mwaka na mipaka yake itawekwa alama." Lile "li" na lile "yake" ni Eneo la Mradi, lakini neno lenyewe halimo. Vivyo hivyo "eneo hilo" na "humo." Ilibidi watu wawili wasome mkataba wote kwa sauti, wakisimama kwenye kila kiambishi na kuuliza kinarudi kwenye neno gani. Tulipata sehemu sita zaidi.

Hatua ya pili ilikuwa kuzijaribu sentensi. Tuliondoa neno, tukaweka tafsiri yake kamili, tukasoma upya. "Kaya zote zilizomo ndani ya kipande cha ardhi chenye ekari 42" haina maana, kwa hiyo pale neno lilitumika kwa maana ya vitongoji. "Uzio utajengwa kuzunguka kipande cha ardhi chenye ekari 42" ina maana kamili, na hakuna mtu anayeweza kuzungushia uzio vitongoji vitatu. Kwa jaribio hili, sehemu 24 zilionekana wazi kuwa za shamba na 15 kuwa za vitongoji.

Zilibaki nne zilizokubali maana zote mbili, na ndizo zilizokuwa na hatari kubwa. Sentensi isiyoleta maana huonekana na kuulizwa. Inayoleta maana mbili hupita kimya mpaka siku ya ugomvi. Vifungu vya 14 na 22 vilikuwa miongoni mwa hizo nne.

Hatua ya tatu ilikuwa kuchagua majina. Wazo la haraka lilikuwa kuliacha "Eneo la Mradi" libaki kwa shamba na kutunga jina jipya kwa vitongoji. Tulilikataa. Watu walikuwa wamezoea kulisoma kwa maana zote mbili, na sehemu yoyote tutakayoisahau ingeendelea kuonekana sahihi. Tuliamua kulistaafisha kabisa. Shamba likaitwa "Shamba la Mradi" na vitongoji vikaitwa "Vitongoji Husika," vikatajwa kwa majina. Tangu hapo, popote "Eneo la Mradi" linapojitokeza, kila msomaji anajua kwamba ni mabaki ya kosa.

Hatua ya nne ilikuwa kubadilisha neno sehemu moja moja. Kuiamuru kompyuta ibadilishe kote kwa pamoja kungefanya kosa lile lile liwe na jina jipya. Isitoshe, sarufi hubadilika. Palipoandikwa "Eneo la Mradi litahudumiwa," vitongoji vinataka "vitahudumiwa," na "wakazi wake" inakuwa "wakazi wa Vitongoji hivyo." Kiambishi cha zamani kikiachwa, kitaelekeza kwenye neno ambalo halimo tena.

Hatua ya tano ilihusu zile sehemu nne. Hapa mwandishi hana mamlaka ya kuchagua, kwa sababu kuchagua maana ni kubadilisha makubaliano. Tulirudi kwenye mihtasari ya vikao vya awali, kisha tukakaa na Halmashauri ya Kijiji, kamati ya mradi na mwakilishi wa mfadhili. Kuhusu kifungu cha 14 na cha 22, muhtasari ulikuwa wazi kwamba kilichozungumzwa ni shamba tu. Cha tatu, kuhusu nani atalipia matengenezo ya njia, pande zote zilikubali kiwe cha shamba. Cha nne kilihusu ulinzi wa miti iliyopandwa. Ilibainika kwamba jambo hilo halikuwahi kukubaliwa. Sisi tulidhani ni miti yote iliyotokana na miche yetu, hata ile iliyo kwenye viwanja vya watu. Wanakijiji walidhani ni miti ya shambani. Kifungu hicho kiliandikwa upya baada ya mazungumzo, na miti iliyo kwenye viwanja vya watu ikabaki chini ya wenyewe.

Kutia saini

Hatukuchomoa kurasa na kuweka nyingine. Mkataba uliosainiwa unabaki ulivyo, na marekebisho huandikwa katika hati yake. Nyongeza Na. 1 ilikuwa na jedwali la sehemu zote 43, maneno ya zamani upande mmoja na mapya upande wa pili, na saini za pande zote zilizosaini mwanzo. Viambatisho navyo vilirekebishwa: maelezo ya ramani, bajeti, na fomu ya taarifa ya robo mwaka, ambamo tulikuwa tunahesabu "wanufaika ndani ya Eneo la Mradi." Kwa kuwa hati ilieleza upya mipaka ya ardhi iliyotolewa, tuliomba ipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji hairuhusu halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo, na hatukutaka mtu aseme baadaye kwamba mipaka ilisogezwa kwa kalamu.

Jambo moja lilitaka mjadala zaidi: marekebisho yaanze lini? Kama yangeanza siku ya kusaini tu, faini ya mfugaji ingebaki halali. Kwa hiyo hati inasema kwamba kwa vifungu vya 14 na 22 maana ya shamba ndiyo iliyokusudiwa tangu siku ya kwanza. Kifungu kipya cha miti kinaanza siku ya saini, kwa kuwa hayo ni makubaliano mapya. Mfugaji alirudishiwa fedha zake mbele ya mkutano, na mzee wa mpunga akasomewa mipaka ya Shamba la Mradi, alama kwa alama, mpaka akaridhika.

Kamati zenye mikataba kabatini zinaweza kuanza na jaribio dogo. Chukueni neno moja lililotafsiriwa kwenye kifungu cha mwanzo, kama "Mradi," "Kazi" au "Wanufaika." Mmoja asome kila sentensi yenye neno hilo kwa kuweka tafsiri yake mahali pake, na wengine wasikilize. Sentensi ikigoma, au ikikubali maana mbili, iandikeni pembeni na mwiulize pande zote zilizosaini kabla hajatokea wa kutozwa faini.