Noti yenye ncha mbili

Jumamosi saa nne asubuhi, soko la Buguruni halina nafasi ya kuweka mguu. Mikokoteni inapiga kelele ipishwe, wapagazi wamebeba matenga, na kwenye meza ya nyanya niliyosimama, mama muuzaji alikuwa akihudumia watu watatu kwa wakati mmoja. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kama miaka kumi na moja, ametumwa na mama yake, kikapu begani, noti moja nyekundu ya elfu kumi kiganjani.

Alichukua nyanya mafungu mawili, 2,000. Vitunguu 1,200, karoti 500, hoho mbili 600. Kabla hajatoa pesa nilimwona midomo ikicheza. Jumla ikawa 4,300, naye akaitaja kwa sauti kabla ya mama.

"Wewe una hesabu, baba," mama akasema, akaipokea ile noti na kuisokomeza kwenye mfuko wa aproni.

Hapo ndipo pa kutazama. Muuzaji makini huiacha noti ya mteja mezani, juu yake kaweka kiazi au jiwe la mizani, mpaka chenji ikabidhiwe na kukubaliwa. Ikishazama kwenye aproni inachanganyika na za wenzake, na mkianza kubishana kama ilikuwa elfu kumi au elfu tano hakuna wa kuamua. Siku hiyo, bahati nzuri, ubishi haukuwa huo.

Mama akachomoa bunda, akazipanua noti kama karata na kuzihesabu kwa kidole gumba, ncha kwa ncha. "Mbili, tatu, nne, tano." Akaongeza sarafu ya mia tano na ya mia mbili. Wakati huohuo mteja mwingine akauliza bei ya bilinganya, naye akajibu bila kuinua kichwa. "Haya mwanangu, elfu tano na mia saba. Wahi, mama anasubiri."

Lile neno "wahi" limekula pesa za watu wengi. Mtoto akageuka, akapiga hatua moja, akasimama. Watu wakamsukuma, hakusogea. Akafungua kiganja na kuanza kuhesabu, lakini si kama mama alivyohesabu. Hakujumlisha alichopewa, alianzia kwenye bei na kupanda. Elfu nne na mia tatu, akaweka mia mbili, nne na mia tano. Akaweka mia tano, elfu tano. Noti ya buku, sita. Buku nyingine, saba. Noti ya elfu mbili, tisa. Mkono ukawa mtupu, na kumi haijafika.

Njia hii ni ya wauza duka wa zamani, na uzuri wake ni kwamba huhitaji kutoa. Ukifika kwenye kiasi ulicholipa, chenji imetimia. Ukiishia njiani, umbali uliobaki ndio pesa iliyopungua.

"Shikamoo mama," akarudi mezani. "Imepungua elfu moja."

"Marahaba. Haipungui, nimekuhesabia mbele ya macho yako."

Hakubisha. Akazipanga zote juu ya meza, kati ya nyanya, moja baada ya nyingine, na kuzitaja upya. Noti moja ya buku ilikuwa imekunjwa katikati. Mama akaiangalia, akaikunjua, akacheka kidogo. Noti iliyokunjwa ikipanuliwa pamoja na nyingine hutoa ncha mbili, na kidole kinachohesabu ncha huihesabu mara mbili. Hivyo "tatu" na "nne" zilikuwa karatasi ileile.

Alidhamiria? Siwezi kusema. Noti hukunjika zenyewe ndani ya aproni yenye jasho, na zipo pia zinazokunjwa na mtu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mimi mwenyewe nimewahi kuondoka na chenji pungufu, nikaigundua kwenye daladala, na hata ningerudi ningedai kwa kitu gani? Nilikwishaichanganya na nauli.

Mtoto huyu alikuwa na vitu viwili ambavyo mimi sikuwa navyo. Alikuja na noti moja tu, mfuko wake mtupu, kwa hiyo kila alichoshika kilitoka kwenye meza ile. Na hakuwa ametoka mbele ya meza. Angefika kwenye meza ya pili, akanunua hata nazi moja, shauri lingekuwa limekufa.

Mama akachomoa noti nyingine ya bluu. "Samahani baba, watu wengi." Akamtupia na nyanya moja ya nyongeza kikapuni.

Mtoto akaipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akaigeuza upande wa Nyerere na upande wa Ikulu, kisha akaitia mfukoni. Mama akanigeukia mimi. "Na wewe kaka?" Nikampa elfu tano, akaiweka mezani na kuikandamiza kwa kitunguu.