Nuru Kazaliwa Usiku wa Ijumaa

Tuseme mtoto amezaliwa Unguja, na habari inatakiwa ifike Maskat na Toronto kabla shangazi hajaipata kwa jirani. Familia za namna hiyo zipo nyingi. Mapinduzi ya 1964 yaliwatawanya watu, na kuanzia 1970 Oman iliwapokea wengi waliotoka Afrika Mashariki. Leo bibi wa Maskat anasoma Kiswahili, wajukuu zake wanakizungumza lakini shule wamesoma kwa Kiarabu, na binamu zao wa Toronto wanasoma Kiingereza tu.

Baba anaandika: “Alhamdulillahi, tumeruzukiwa. Nuru amezaliwa saa tano usiku wa Ijumaa. Mama na mtoto wote wazima. Tunaomba dua zenu.”

Hapo kwenye usiku wa Ijumaa ndipo watu wengi hujikwaa. Kwa watu wa pwani huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, na Mwarabu naye huuhesabu vivyo hivyo. Msomaji wa Kiingereza ataelewa usiku unaofuata baada ya Ijumaa kuchwa, kwa hiyo nakala yake iseme Alhamisi. Saa tano nayo kwake ni saa 11. Anayeandika 5 amemzaa mtoto saa sita kabla ya wakati wake.

Kiarabu kina mtego mwingine. “Amezaliwa” yetu haisemi kama mtoto ni wa kike au wa kiume, na jina la Nuru huitwa wote wawili. Kiarabu hakikubali hilo: wa kiume ni wulida, wa kike ni wulidat. Mtafsiri asiyeambiwa hubahatisha, na binti akapokewa Maskat kama mvulana.

Uchangamfu je? Kiarabu kinaubeba kwa urahisi, maana kuruzukiwa, kheri na dua vimetoka huko. Nakala ya Kiingereza ndiyo hukauka: jina, tarehe, pauni 7 na aunsi 1, basi, kama risiti ya mizigo. Uzito uwekwe, kwa kuwa ndugu wa huko huuliza, lakini shukrani, hali ya mama na ombi la dua visiachwe. Na “wote wazima” isitafsiriwe neno kwa neno, ikaonekana kana kwamba kuna aliyevunjika. Iandikwe kwamba mama na mtoto wako salama.

Kabla ya kutuma, kila nakala isomwe na mtu wa lugha hiyo ambaye hajaiona ile ya Kiswahili, kisha aeleze kwa mdomo alichoelewa: nani kazaliwa, siku gani, mama yu hali gani. Akikosea siku, kosa ni la nakala. Zikiwa tayari, zitumwe zote kwa pamoja.

Bibi, hata kama anasoma vizuri, apigiwe simu kwanza.