Kabla ya kulipia mtungi wa gesi: angalia vali, regulata, na nani ataubadilisha

Mama mmoja alinunua mtungi wa kilo 6 pale Emali, kando ya barabara ya Mombasa, kwa sababu ulikuwa na bei nafuu kuliko mingine. Miezi michache baadaye alihamia Mutomo, upande wa Kitui. Gesi ilipoisha, alipanda boda na mtungi wake mtupu hadi dukani. Jibu likawa: "Mwaitu, mtungi huu hapa hatuuchukui." Duka la pili likasema vivyo hivyo. Mtungi ulikuwa mzima kabisa, lakini alirudi kwenye makaa huku pesa zake zimekaa ndani ya chuma.

Kosa kama lake ni rahisi kulikwepa ukijua kwamba unaponunua gesi mara ya kwanza, unanunua vitu viwili. Gesi yenyewe itaisha baada ya wiki kadhaa. Mtungi utakaa nawe miaka, na thamani yake ni kwamba kuna duka karibu nawe litakaloupokea ukiwa mtupu na kukupa uliojaa.

Kwa nini duka linaweza kukataa mtungi wako

Zamani, kila kampuni kubwa ilikuwa na vali yake kwenye mitungi ya kilo 13, kwa hivyo regulata ya kampuni moja haikuingia kwenye mtungi wa nyingine. Kanuni za mwaka 2009 zilileta vali ya aina moja na kuzilazimisha kampuni kupokeleana mitungi. Kanuni za mwaka 2019 ziliondoa lazima hiyo ya kupokeleana. Vali zinafanana bado, lakini sasa kampuni hubadilishana mitungi kwa makubaliano yao.

Kwa hivyo usidhani kwamba regulata ikiingia, basi duka litaupokea mtungi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Kampuni moja hairuhusiwi kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya mwenye mtungi. Mtu anayekuambia "lete tu, nitakujazia hapa nyuma" anavunja sheria, na hakuna anayejua amejaza kiasi gani wala kama ameikagua vali.

Kabla ya kununua, tembelea au pigia simu maduka mawili au matatu ya mahali unapopikia, si mahali unaponunulia. Kama unanunua Wote lakini unakaa ndani kuelekea Kathonzweni, uliza Kathonzweni. Swali ni moja: "Nikileta mtungi mtupu wa kampuni hii, utanipa upi?" Jina likikubaliwa na maduka mawili, uko salama. Likijulikana na duka moja tu, siku duka hilo likiishiwa utalala bila moto.

Vali ni za aina mbili, na regulata hufuata vali

Mtungi wa kilo 6 una vali ya kuzungusha, yenye nyuzi kama za skrubu. Ndiyo maana bana ya meko hufungwa moja kwa moja juu yake. Ukizungusha bana, inasukuma pini iliyo ndani ya vali na gesi inapita. Ukiifungua, pini inarudi na kuziba.

Mtungi wa kilo 13 una vali ya kubofya. Regulata yake hukaa juu na kujifunga kwa mlio wa "klik", bila nyuzi. Regulata ya kilo 13 haiingii kwenye mtungi wa kilo 6, na ya kilo 6 haiingii kwenye wa kilo 13. Ukitoka kwenye mtungi mdogo kwenda kwa mkubwa, weka bajeti ya regulata mpya.

Wengi hukosea wanapobadilisha jiko. Bana ya meko imetengenezwa kupokea gesi kwa nguvu yake yote kutoka kwenye mtungi. Jiko la mezani la bana mbili linataka gesi iliyopunguzwa nguvu sana, na kazi ya regulata ni hiyo. Ukitaka kutumia jiko la mezani na mtungi wa kilo 6, itisha regulata ya kuzungusha ya nguvu ndogo. Madukani kuna nyingine inayofanana nayo, yenye kitufe cha kuongeza nguvu. Hiyo ni ya majiko makubwa ya hoteli.

Utajuaje kama umepewa isiyofaa? Moto utanguruma, utaruka juu na kuachana na bana, na hautatulia hata ukiupunguza. Zima, funga mtungi, rudisha regulata dukani.

Mpira wa gesi

Nunua mpira uliotengenezwa kwa gesi, wenye maandishi ubavuni na alama ya KEBS. Mpira wa maji hauwezi kazi hii, kwa sababu gesi huulainisha na kuupasua polepole. Uwe mfupi, mita moja na nusu hivi, usipite nyuma ya jiko penye joto, na kila ncha ifungwe kwa klipu ya chuma.

Ukimaliza kufunga, paka povu la sabuni kwenye vali, regulata na ncha zote mbili za mpira, kisha fungua gesi bila kuwasha jiko. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Mara nyingi tatizo ni raba ndogo nyeusi iliyo ndani ya vali, ambayo imechakaa au haipo. Usiijazie na karatasi wala kuikaza kwa nguvu. Rudisha mtungi ubadilishiwe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa chini sakafuni, kwa hivyo ukisikia harufu fungua mlango, na usiguse swichi wala kiberiti.

Lipa baada ya kupima

Kwenye chuma cha mtungi pameandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Chukua mfano wa mtungi wa kilo 6 ulioandikwa 7.4. Ukiwa umejaa, mizani isome 13.4. Ikisoma 12.1, ndani kuna gesi ya kilo 4.7 tu, na kilo 1.3 uliyolipia haipo. Omba kupimiwa mbele yako, na uangalie sili ya juu ya vali iwe haijakatwa na iwe na jina lile lile lililo kwenye mtungi.

Ukiagiza kwa simu na kuletewa na boda, usitume pesa kabla mtungi haujafika. Ukifika, kagua jina, sili na uzito, ndipo ulipe kwa namba ya tili ya duka badala ya namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Iwe ni jina la duka unalolijua.

Usifute meseji ya malipo, hasa ile ya siku uliponunua mtungi wenyewe. Inaonyesha tarehe, kiasi na duka. Povu likitoa mapovu jioni hiyo, au mizani ya jirani ikikataa, hiyo ndiyo risiti utakayorudi nayo dukani.