Kasomeno: pompi ya jua mbele ya komite ya kijiji, hesabu inaanzia kwenye foraji

Kasomeno, kwenye barabara ya Lubumbashi–Kasenga. Komite ya maji inapoletewa mradi wa pompi ya jua, swali la kwanza huwa bei. Swali hilo ni la haki, lakini linakuja mapema. Hapa chini ni hotuba fupi ambayo mwenye mradi anaweza kusoma mbele ya komite, tukichukua mfano wa kijiji cha watu 500, karibu nyumba 80, ambacho tayari kina foraji yenye pompi ya mkono. Bei ni makadirio ya mfano tu. Komite yenyewe iombe proforma mbili au tatu kwa wauzaji wa Lubumbashi.

«Baba chefu, wazee, wamama, vijana, hamjambo.

Kila mtu akipata lita 20 kwa siku, watu 500 wanahitaji lita 10.000, ndiyo bidoni 500. Katika mfano wetu, maji yanasimama kwenye mita 30 wakati wa kuvuta. Ongeza mita 5 za kupanda mpaka kwenye tanki, na mita 5 nyingine kwa nguvu inayopotea ndani ya mabomba. Kazi hiyo inaomba wati karibu 750 za jua. Plaki 3 za wati 250 zingetosha. Tunaomba 4, kwa sababu ya mawingu ya Januari na vumbi la Agosti.

Lakini kabla ya kununua hata msumari, foraji ipimwe: ivutwe saa nyingi bila kusimama, mwezi wa Oktoba, wakati maji yameshuka kabisa. Isipotoa karibu lita 2.000 kwa saa, mradi huu ni mkubwa kuliko kisima chenu, na plaki nyingi hazitaongeza maji.

Hatutaki betri. Betri inachoka haraka na inaibiwa kwa urahisi. Sisi tutaweka akiba katika maji yenyewe: tanki mbili za lita 5.000 zinashika maji ya siku moja.

Kuhusu bei: pompi na kifaa chake cha kuiongoza, dola 1.800. Plaki na chuma chake, 900. Tanki na kiti chake, 1.200. Mabomba, robine na kazi ya mafundi, 600. Jumla ni dola 4.500. Kama ingebidi kuchimba foraji mpya, kuchimba peke yake kungeweza kupita bei hiyo yote.

Sasa sikieni vizuri. Mfadhili anaweza kulipa hizo 4.500. Pompi ya pili hatailipa. Plaki zinaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi, ila pompi tuihesabie miaka 8. Dola 1.800 kwa miaka 8 ni dola 19 kila mwezi. Mlinzi wa robine apate 20, na 11 zibaki kwa robine na mabomba yanayoharibika. Ni dola 50 kwa mwezi. Tunapendekeza dola moja kwa kila nyumba, na tuhesabu kwamba nyumba 50 tu kati ya 80 ndizo zitalipa. Wajane na wagonjwa mnawajua ninyi wenyewe.

Pompi hiyo ikitumia groupe ya mafuta, ingekunywa karibu lita 3 kwa siku, lita 90 kwa mwezi. Ninyi mnajua bei ya lita hapa barabarani.»

Hapo wengine watapendekeza kulipa kwa bidoni. Inaonekana ni haki, lakini mvua ikianza watu wanateka maji ya paa na ya visima vifupi, na sanduku linabaki tupu miezi mitano. Malipo ya mwezi yanashika vizuri zaidi.

«Matunzo ni kazi ndogo lakini ya kila wiki. Plaki zipanguswe asubuhi na mapema, kwa maji na kitambaa laini, kamwe si kwa mchanga. Matawi ya mwembe yakatwe, kwani kivuli kwenye plaki moja kinapunguza nguvu ya zote. Waya wa radi ushuke mpaka ndani ya udongo, maana Katanga hatucheki na radi.

Mlinzi aandike kila siku saa ambayo tanki linajaa. Likijaa saa nane badala ya saa sita na jua ni lile lile, pangusa plaki kwanza. Kama haibadiliki, na maji yanatoka kwa kukatika-katika pamoja na hewa, maji ya foraji yameshuka: punguzeni kuvuta. Kama yanatoka mfululizo lakini kidogo, tafuteni bomba linalovuja. Lisipoonekana, huenda pompi imechoka, mwiteni fundi.

Faida? Wamama hawatapiga tena foleni kwenye mkono wa pompi. Kipindupindu, kinachojulikana kando ya Luapula na ziwa Moero, kitapata njia moja pungufu, lakini bidoni chafu inaweza kukirudisha. Bustani sikuahidi: lita 20 ni za nyumba tu.»

Komite ikikubali, pompi ya mkono isitupwe. Ihamishiwe kwenye foraji nyingine kama ipo, au ihifadhiwe pamoja na fimbo zake zote, kwa siku ambayo pompi ya jua itasimama ikingojea fundi kutoka Lubumbashi.