Dola Mbili kwa Dakika

"Mtaalamu wa biashara ya kimataifa, forodha na usafirishaji, uzoefu wa miaka 12." Wasifu wa namna hii umejaa kwenye tovuti za ushauri wa kulipia, na msomaji huupita tu. Mwenye swali hatafuti mtaalamu wa kila kitu. Anatafuta mtu aliyekwisha kukutana na tatizo kama lake.

Tuchukue mfano wa wakala wa forodha wa Mombasa anayejisajili kwenye tovuti kama Clarity, iliyoanzishwa mwaka 2012, ambako ushauri hutolewa kwa simu na kulipiwa kwa dakika. Wasifu wake ungemfaa zaidi kama ungesomeka hivi: "Nawasaidia Wakenya walioko Uingereza wanaotaka kurudi nyumbani na gari lao. Nitakueleza kama gari lako linakubalika, kama unastahili msamaha wa ushuru, na nyaraka zipi uziandae kabla halijapakiwa melini." Sentensi mbili tu, lakini Mkenya aliyeko Manchester akizisoma atajua kwamba ni yeye anayeambiwa.

Bei inafuata baada ya hapo. Si kila tovuti inamwachia mtaalamu aipange. Kwenye Google Answers, huduma iliyofunguliwa mwaka 2002 na kuacha kupokea maswali mapya mwaka 2006, aliyetaja bei alikuwa muulizaji, kati ya dola 2 na 200, na mtafiti aliyemjibu alibaki na robo tatu. Clarity ni kinyume chake: mtaalamu ndiye anayetaja kiwango chake, na tovuti hukata asilimia 15.

Tuseme wakala wetu ameweka dola 2 kwa dakika. Simu ya nusu saa ni dola 60. Ikiondolewa dola 9 ya tovuti, zinabaki 51, na bado hajalipa gharama ya kuzipokea. Hesabu haiishii hapo, kwa sababu kabla ya simu alitumia dakika 20 kusoma maelezo ya mteja, na baada yake dakika 10 kumwandikia muhtasari. Dola zile 51 ni malipo ya saa nzima, si ya nusu saa. Asiyehesabu dakika hizo zisizolipiwa hupanga bei ndogo, kisha huanza kuzikwepa, na mteja huliona hilo mara moja: mshauri anaanza simu kwa kuuliza mambo ambayo mteja alikwisha kumwandikia.

Sasa simu yenyewe. Mteja ana gari la usukani wa kulia lililoandikishwa mara ya kwanza miaka sita iliyopita. Hapo hakuna tatizo, kwa kuwa Kenya hukataa magari yaliyopita miaka minane. Amelinunua miezi 10 iliyopita na anataka kurejea mwezi ujao. Hapa ndipo penye pesa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humsamehe ushuru mkazi anayerejea kwa gari moja, lakini sharti mojawapo ni kwamba awe amelimiliki na kulitumia huko nje kwa angalau miezi 12. Akisubiri miezi miwili zaidi sharti hilo litatimia, akiharakisha, atalipa. Jibu hilo limechukua dakika kumi.

Zilizobaki ndizo zinazopima mipaka. Mteja anauliza, "Basi nihakikishie kwamba sitalipa chochote." Wakala hawezi. Ameyasikia maelezo, hajaziona nyaraka, na mwenye uamuzi ni Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Anachoweza kusema ni hiki: "Kwa hayo uliyonieleza, sharti la miezi 12 bado hujalitimiza. Uamuzi ni wa forodha." Mteja anajaribu tena: je, tarehe kwenye risiti ya ununuzi ikirudishwa nyuma kidogo? Hapo jibu ni hapana, bila maelezo marefu, na simu inarudi kwenye nyaraka halali.

Ombi la mwisho huja kwa upole: "Nipe namba yako, kaka, tumalizie kwenye WhatsApp." Halionekani kuwa na ubaya, ila likikubaliwa mazungumzo yanayofuata hayana malipo wala kumbukumbu ya kilichosemwa, na wakala anaweza kufungiwa akaunti kwa kukiuka kanuni za tovuti. Ndiyo maana ni bora wasifu uwe na mstari wa tatu: "Natoa ushauri kwa simu ya hapa tu, sijazi fomu, sipokei picha za pasipoti, na sitaji kiasi cha ushuru utakachotozwa." Mteja aliyeusoma kabla ya kulipa hana la kulalamikia, na wakala hana haja ya kutafuta maneno dakika ya ishirini na nane.