Fahamu: Mwongozo wa bure unavyoleta wateja Gitega na Muyinga

Chukua mfasiri wa Gitega anayetafsiri hati za Kifaransa kwa Kiswahili, akiwalenga wafanyabiashara wa Muyinga wanaovuka mpaka wa Kobero kwenda Tanzania. Anaandika mwongozo wa kurasa mbili kuhusu makosa ya tafsiri yanayofanya hati irudishwe. Anayeutaka anaacha anwani ya barua pepe na kukubali kuandikiwa tena.

Mwongozo ujibu swali linalotangulia huduma yenyewe. Ukiuita "siri za biashara", utajaza orodha watu wasio na hata hati moja ya kutafsiri.

Mfasiri anautuma mwongozo papo hapo mtu anapoacha anwani. Siku ya tatu anaonyesha kosa moja kwa karibu: jina la mtu lililoandikwa kwa namna mbili katika hati moja. Siku ya sita ndipo anataja bei, muda wa kumaliza na namba ya Lumicash. Kati ya watu 80, wakinunua 4, kazi imeenda vizuri.

Wakijibu wakiuliza maswali lakini wasinunue, atazame bei. Kukiwa kimya kabisa, huenda barua zinaangukia kwenye taka: tangu Februari 2024, Gmail inamtaka mtumaji mwenye kikoa chake akithibitishe kwa SPF au DKIM. Na anwani za kununua, hapana. Wasiokujua ndio wa kwanza kukuripoti.