Kinachohama ni Kitenzi

Kijana mmoja wa hapa Zinga, ambaye huwatembeza wageni kwenye magofu ya Kaole, aliniletea simu yake nimsahihishie ujumbe kabla hajautuma. Mgeni wake Mjerumani alikuwa anakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Alitaka kumwambia: ukishuka Zinga nipigie simu, kwa sababu nitakuja kukuchukua. Kwenye simu alikuwa ameandika hivi:

*Wenn du steigst in Zinga aus, anruf mich, weil ich hole dich ab.*

Maneno yenyewe ni yale yale yanayotakiwa, hakuna lililokosewa maana. Ila ndani ya sentensi hiyo mna vitenzi vitatu, na vyote vitatu vimekaa pasipo pao. "Mwalimu, mimi hiki kiambishi mara nakikata, mara nakiacha," akaniambia. "Nakisia tu."

Wanafunzi wengi wa Kijerumani wanakisia hivyo hivyo, na nadhani kosa si lao. Wamefundishwa kanuni iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu.

Tuanze na vitenzi vyenyewe. Sisi kwenye daladala tuna *kupanda*, *kushuka* na *kubadilisha gari*, kila tendo na jina lake. Mjerumani anachukua kitenzi kimoja, *steigen*, chenye maana ya kupanda juu au kupiga hatua, kisha anakibandika kiambishi mbele. *Einsteigen* ni kupanda gari, *aussteigen* ni kushuka, *umsteigen* ni kushuka hapa ukapande jingine. Vivyo hivyo *rufen* ni kuita, lakini *anrufen* ni kupiga simu. *Holen* ni kuleta kitu ulichokwenda kukifuata, na *abholen* ni kumfuata mtu mahali ukamchukue. Kwenye kamusi huandikwa neno moja. Ndani ya sentensi neno hilo huweza kukatika vipande viwili vikakaa mbali mbali:

*Ich steige in Zinga aus.* Nashuka Zinga.

Na kile kipande cha mwisho si pambo. Fikiria mgeni amesimama kituoni Zinga, mtu anamwambia kwa Kijerumani *Der Bus fährt heute um sieben Uhr…* Mpaka hapo anajua tu kwamba basi leo saa moja asubuhi litakwenda. Likimaliziwa na *ab*, basi linaondoka. Likimaliziwa na *weiter*, linaendelea na safari. Likimaliziwa na *zurück*, linarudi lilikotoka. Na likimaliziwa na *vorbei*, linapita bila kusimama, abiria abaki na vumbi lake. Anayesikiliza Kijerumani hana budi kusubiri neno la mwisho ndipo ajue kilichosemwa. Hata msomaji wa kamusi humkuta hayo. Akiona *Der Regen hört auf* akatafuta *hören*, ataambiwa mvua "inasikia". Alipaswa kutafuta *aufhören*, yaani kukoma.

Sasa ile kanuni. Vitabuni na madarasani husemwa kwamba katika sentensi kuu kiambishi "hutupwa mwisho". Mwanafunzi anaikariri. Kisha anaambiwa kwamba katika kishazi tegemezi kiambishi "hurudi" kwenye kitenzi. Kisha anakutana na vitenzi vya kutaka na kuweza, anaambiwa hapo "hakitupwi". Kanuni moja imeshazaa nyingine mbili, na kila moja inataka kukumbukwa peke yake.

Igeuze. Sema kwamba kiambishi hakiendi popote. Makazi ya kitenzi cha Kijerumani, kikiwa kizima na kiambishi chake, ni mwisho wa kishazi. Kinachohama ni kitenzi. Kiambishi hubaki nyumbani.

Kwa nini kitenzi kihame? Kwa sababu sentensi kuu ya Kijerumani ina kiti cha pili ambacho lazima kikaliwe na kitenzi chenye nafsi na wakati. Kiti cha kwanza kinaweza kushikwa na mtenda, au saa, au mahali: *Ich steige in Zinga aus*, au *Heute steige ich in Zinga aus*, au *In Zinga steige ich aus*. Anayekaa mbele akibadilika, *steige* haibanduki kwenye kiti cha pili, wala *aus* haibanduki mwisho. Katika amri na katika swali la ndiyo au hapana, kitenzi husogea mpaka mbele kabisa, *Steigst du in Zinga aus?*, na bado kiambishi kimebaki pale pale.

Jaribio la kuthibitisha hili ni kukipa kiti cha pili mtu mwingine. Weka kitenzi cha kutaka: *Ich will in Zinga aussteigen.* Kiti kimeshakaliwa na *will*, kwa hiyo *aussteigen* hakina sababu ya kuondoka, kimebaki mwisho kikiwa kizima. Weka kitenzi kisaidizi cha wakati uliopita: *Ich bin in Zinga ausgestiegen.* Kiti kimekaliwa na *bin*, na kitenzi chetu kiko mwisho na kiambishi chake, ila *ge* ya wakati uliopita imejipenyeza katikati. Penye *zu* pia ni hivyo hivyo, nayo hujipenyeza katikati: *auszusteigen*.

Wakati uliopita usio na kisaidizi nao hauleti jipya. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda huku huku Bagamoyo, alikwenda Ujerumani mwaka 1900 kufundisha Kiswahili mjini Berlin. Kijerumani kitasema *Mtoro kam 1900 in Berlin an*, Mtoro aliwasili Berlin 1900. Kitenzi ni *ankommen*. *Kam* imekwenda kiti cha pili, *an* imebaki.

Hapo ndipo kishazi tegemezi kinapokuwa chepesi. Viunganishi kama *weil* (kwa sababu), *wenn* (kama au ikiwa), *dass* (kwamba) na *ob* (kama, katika kuuliza) huziba njia ya kitenzi. Kiunganishi kikishafungua kishazi, kitenzi hakina kiti cha kukimbilia, basi kinakaa kwao mwisho. Na kwa kuwa kiambishi kilikuwa huko huko, vinaandikwa neno moja: *Ich weiß, dass Mtoro 1900 in Berlin ankam.* Hakuna kilichorudi, kwa sababu hakuna kilichoondoka.

Mswahili asione hili ni la ajabu. Sisi husema *basi linalopita Zinga*, na pia *basi lipitalo Zinga*. Ile *lo* ya urejeshi huangalia kama kuna kiambishi cha wakati. Kikiwapo, *lo* hujibanza nyuma yake katikati ya neno. Kisipokuwapo, hukaa mwisho. Hakuna mzawa anayekisia hapo, wala anayesema *linapitalo*. Mjerumani naye anaangalia hivyo hivyo kama kiti kiko wazi au kimezibwa.

Turudi kwenye ujumbe wa kijana wetu, tuutembelee kishazi kwa kishazi. Cha kwanza kinafunguliwa na *wenn*. Njia imezibwa, kwa hiyo kitenzi kizima mwisho: *Wenn du in Zinga aussteigst*. Cha pili ni amri, ni kishazi kikuu, hakina kiunganishi. Kitenzi kinakwenda mbele na kuacha kiambishi: *ruf mich an*. Yeye aliandika *anruf*, akamburuta na mwenzake aliyetakiwa kubaki. Mjerumani akiliona hilo neno atadhani ni *Anruf*, nomino yenye maana ya simu iliyopigwa. Cha tatu kinafunguliwa na *weil*, njia imezibwa tena: *weil ich dich abhole*. Kwa ujumla:

*Wenn du in Zinga aussteigst, ruf mich an, weil ich dich abhole.*

Ziangalie koma mbili. Nyumbani kwa kitenzi ni mwisho wa kishazi chake, si mwisho wa maandishi yote. *An* imesimama kabla ya koma, haikusukumwa ikavuka hadi baada ya *abhole*. Wanaokariri kwamba kiambishi "hutupwa mwisho wa sentensi" hukwama hapa, maana hutafuta nukta wakati walitakiwa kutafuta koma.

Kuna mtego mmoja wa viunganishi. *Denn* nayo tunaitafsiri "kwa sababu", lakini haizibi njia. Huunganisha sentensi kuu mbili, kama *und* na *aber*. Kwa hiyo ni *denn ich hole dich ab*, kiambishi mbali na kitenzi, ilhali ni *weil ich dich abhole*, pamoja. Maana ni ile ile, mpangilio mwingine. Na utawasikia Wajerumani wenyewe, katika mazungumzo, wakiipanga sentensi ya *weil* kama ya *denn*. Mdomoni hupita. Kwenye karatasi ya mtihani ni kosa.

Limebaki swali la vitenzi vinavyokatika na visivyokatika. *Be-*, *ge-*, *er-*, *ver-*, *zer-*, *ent-*, *emp-* na *miss-* havitengani na kitenzi: *Ich verstehe dich*, nakuelewa, na *ver* inakwenda kiti cha pili pamoja na mwenzake. Vinavyotengana ni vingi mno kuvikariri, lakini sikio linavitambua. Kiambishi kinachotengana hubeba mkazo: AUS-steigen, AN-rufen, AB-holen. Kisichotengana kwa kawaida hakibebi: ver-STE-hen.

Hapa ulimi wetu unatuponza. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunakwenda nao hadi Kijerumani, tukisema aus-STEI-gen na an-RU-fen. Tukitamka hivyo, kila kitenzi masikioni mwetu kinafanana na kisichotengana, ndiyo maana mkono unaandika *ich anrufe*. Vipo vitenzi ambavyo mkazo wenyewe ndio unaobeba maana. UM-fahren, chenye kutengana, ni kugonga kitu kikaanguka. Um-FAH-ren, kisichotengana, ni kukizunguka. Dereva wa bodaboda akisema *Ich umfahre die Kuh*, ng'ombe yu salama. Akisema *Ich fahre die Kuh um*, mwenye ng'ombe aitwe.

Kwa hiyo ninapofundisha kitenzi kipya nawataka wanafunzi wakitamke kwanza kwa kukipigia kofi kiambishi chake, AUS, AN, AB, ndipo wakiandike. Kikishakaa masikioni, mkono hauvisahau vipande viwili.

Kijana aliutuma ujumbe. Jibu lilirudi tungali tumekaa: *Gut, ich rufe dich an, sobald ich ausgestiegen bin.* Akaupitisha ukucha kwenye kioo cha simu, neno baada ya neno. "*Rufe* imehama, *an* imebaki," akasema. Akafika kwenye *sobald*, yaani mara tu, akatua kidogo. "Hii nayo imeziba." Kisha akanionyesha *bin*, iliyotulia mwisho kabisa, nyuma ya *ausgestiegen*. "Na huyu angekaa cha pili kama njia ingekuwa wazi."